Kabla ya Kulipia Jimu Mwaka Mzima: Mkague Kocha, Mashine, Msongamano na Mkataba

Jimu nyingi za mijini hutoza bei mbili. Kuna bei ya mwezi, na kuna bei ya mwaka inayolipwa kwa mkupuo mmoja na inayoonekana nafuu zaidi. Mteja huambiwa ofa inakaribia kwisha, hulipa kwa simu, hutia sahihi karatasi ambayo hajaisoma, kisha baada ya wiki chache hugundua kwamba hawezi kuendelea. Labda amehamishwa kikazi, ameumia goti, au jioni hapati hata nafasi ya kuweka mkeka. Akiomba pesa zake, huonyeshwa maandishi ukutani: pesa zikishalipwa hazirudishwi.

Somo la toleo hili linaeleza namna ya kuikagua jimu au kocha wa binafsi kabla ya kufika hapo. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kufanya mazoezi mara 3 kwa wiki baada ya kazi, kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Karibu na nyumbani kwake kuna jimu mbili. Jimu ya kwanza inatoza shilingi 4,000 kwa mwezi au shilingi 36,000 kwa mwaka, pamoja na ada ya kujiunga ya shilingi 2,000. Jimu ya pili inatoza shilingi 4,500 kwa mwezi, haina ada ya kujiunga na haina bei ya mwaka. Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu yake ni ile ile utakayofanya kwa bei za mtaani kwako.

Anza na hesabu ya miezi

Gawanya bei ya mwaka kwa bei ya mwezi. Kwa jimu ya kwanza, 36,000 gawanya kwa 4,000 ni 9. Maana yake ni kwamba bei ya mwaka inaanza kuokoa pesa baada ya mwezi wa 9. Mtu akiacha katika mwezi wa 4, wa 6 au hata wa 8, atakuwa amelipa zaidi kuliko yule aliyekuwa akilipa mwezi kwa mwezi.

Mwalimu wetu anapaswa kujiuliza swali moja kwa uaminifu: je, nina hakika nitakuwa hapa, nikiwa na afya na nafasi, miezi 10 ijayo? Ana likizo 3 kwa mwaka ambazo huenda kwao mashambani. Mwezi mmoja wa likizo ndefu pekee unapunguza miezi yake hadi 11. Akiugua au akipewa uhamisho, faida yote imekwenda.

Sasa alinganishe jimu zote mbili kwa miezi 6. Jimu ya kwanza kwa bei ya mwezi itamgharimu 24,000 na ada ya kujiunga 2,000, jumla 26,000. Jimu ya pili itamgharimu 27,000. Tofauti ni shilingi 1,000 tu kwa nusu mwaka. Kwa hivyo bei siyo itakayoamua. Kitakachoamua ni kile anachokipata ndani, na hicho hakionekani kwenye bango. Inabidi aende akaone.

Nenda saa utakayokuwa ukienda

Wateja wengi hupelekwa kuzungushwa ndani ya jimu saa 5 asubuhi au saa 9 alasiri, wakati ukumbi uko mtupu na mashine zote zinang'aa. Ziara kama hiyo haikuambii lolote kuhusu saa 12 jioni. Omba kuingia siku na saa ile ile utakayokuwa ukitumia, hata kama ni kwa kulipia siku moja. Jumatatu jioni ni kipimo kizuri, kwa kuwa watu wengi hupenda kuanza wiki kwa mazoezi. Kama unakagua mwezi wa Januari, kumbuka kwamba idadi ya watu huenda ikapungua baadaye. Kama unakagua Desemba, jiandae kuona umati ukiongezeka.

Usiulize kama jimu hujaa. Kila meneja atakwambia kuna nafasi ya kutosha. Pima kusubiri. Chagua vifaa 3 ambavyo utavihitaji kila unapokuja, kisha andika dakika ulizosubiri kwa kila kimoja.

Mwalimu wetu alifanya hivyo Jumatatu na Jumatano. Katika jimu ya kwanza alisubiri dakika 9 kwenye fremu ya kunyanyulia vyuma, dakika 7 kwenye mashine ya kuvuta kamba na dakika 8 kwenye mashine ya kukimbilia. Jumla ni dakika 24. Yeye ana saa moja pekee kabla ya kwenda kupika na kusahihisha madaftari. Dakika 24 kati ya 60 ni karibu nusu ya muda wake, na akija mara 3 kwa wiki atakuwa amesimama bure zaidi ya saa moja. Katika jimu ya pili, yenye mashine chache lakini wateja wachache zaidi, jumla ya kusubiri ilikuwa dakika 6.

Kuna jambo jingine la kutazama wakati watu wamejaa. Je, kuna nafasi ya kupita nyuma ya mtu anayeinua chuma bila kumgusa? Vyuma vimeachwa sakafuni mahali watu wanapopita? Mlango wa dharura uko wazi, au umezibwa na mikeka na mabenchi? Jimu ikielemewa, ajali ndogo ndogo huanzia hapo: mtu anajikwaa, au anagongwa kiwiko akiwa na uzito mkononi.

Kagua mashine kwa macho na kwa mkono

Mashine mpya si lazima ziwe salama, wala za zamani si lazima ziwe mbovu. Tofauti ni utunzaji. Huhitaji kuwa fundi ili kuona mambo manne.

La kwanza ni waya wa chuma kwenye mashine za kuvuta. Waya huo kwa kawaida umevishwa plastiki. Uangalie pale unapoungana na mpini na pale unapopinda kwenye gurudumu, kwa kuwa ndipo unapochakaa kwanza. Plastiki ikiwa imepasuka, au ukiona nyuzi za chuma zimechomoza, mashine hiyo haifai kutumiwa. Waya ukikatika wakati mtu anavuta, mpini humrukia usoni na vyuma huanguka kwa kishindo.

La pili ni mashine ya kukimbilia. Iwashe kwa mwendo mdogo kabisa, kama mwendo wa kutembea. Sikiliza kama mkanda unakwaruza, na uhisi kama unateleza au kusita unapoweka uzito wa mguu. Kisha shika mikono ya mashine na uvute ile kamba ndogo ya usalama ambayo mkimbiaji hujifunga kwenye nguo. Mkanda unapaswa kusimama. Kama kamba haipo, au mkanda unaendelea kuzunguka, mwambie meneja palepale na utazame atakachofanya.

La tatu ni benchi na vyuma vya mkononi. Tikisa benchi kabla ya kulilalia. Likicheza, bolti zimelegea. Shika kichwa cha chuma cha mkono na ujaribu kukizungusha. Kikizunguka peke yake, siku moja kitachomoka, na mara nyingi hilo hutokea kikiwa juu ya kifua au uso. Kwenye fremu ya kunyanyulia, hakikisha zile fito za usalama za pembeni zipo na vibanio vya kuzuia sahani za chuma zisiteleze vipo vya kutosha.

La nne ni usafi. Kitambaa cha benchi kilichopasuka hunyonya jasho na hakiwezi kusafishwa vizuri. Angalia kama kuna dawa ya kupangusia na taulo za karatasi karibu na mashine, na kama watu wanazitumia.

Zaidi ya hayo yote, tazama mashine mbovu hufanywa nini. Kila jimu huharibikiwa. Jimu nzuri hubandika karatasi kwenye mashine iliyoharibika ikionyesha haifanyi kazi, na ukiuliza ilibandikwa lini, mtu anajua. Mwalimu wetu alikuta mashine moja ya kuvuta katika jimu ya pili imefungwa hivyo. Aliporudi Jumatano alikuta waya mpya. Katika jimu ya kwanza alikuta kamba ya usalama haipo kwenye mashine mbili za kukimbilia, na mhudumu akamjibu, "Hizo watu huwa hawazitumii, mwalimu." Jibu hilo ni habari muhimu kuliko rangi ya ukuta.

Mtazame kocha akifundisha mtu mwingine

Ukitaka kumjua kocha, usimsikilize akijieleza wala usiangalie misuli yake. Mwili wake unaonyesha jinsi anavyojifundisha yeye. Keti pembeni kwa dakika 20 umwangalie akimfundisha mtu anayeanza.

Kazi ya kocha huanza kabla ya chuma kuguswa. Mteja mpya anapaswa kuulizwa, afadhali kwa fomu ya maandishi, kama amewahi kusikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai. Kama ana shinikizo la damu, kisukari, pumu au tatizo la viungo. Kama anatumia dawa. Na kwa mwanamke, kama ni mjamzito au amejifungua karibuni. Anayejibu ndiyo kwa maswali ya kifua na kizunguzungu anapaswa kutumwa kwa daktari kwanza. Kocha asiyeuliza chochote atampa mwenye shinikizo la damu zoezi lile lile analompa kijana wa miaka 20. Hilo ni hatari, kwa sababu kubana pumzi huku ukiinua uzito mkubwa hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Kisha tazama zoezi lenyewe. Tuseme ni kuchuchumaa na chuma mabegani. Anayeanza mara nyingi visigino vyake huinuka, au magoti huingia ndani yakikaribiana. Kocha anayejua kazi ataliona kosa hilo mara moja, atamsimamisha, atapunguza au kuondoa uzito, na pengine atamwekea benchi nyuma ili achuchumae hadi kuligusa. Atamwambia jambo moja la kurekebisha, siyo mambo sita kwa pamoja. Kocha asiyejua ataendelea kuhesabu kwa sauti, "Nane! Tisa! Moja zaidi!" huku macho yake yako kwenye simu.

Jambo la mwisho la kuangalia ni kumbukumbu. Mwulize mteja wake alinyanyua kilo ngapi wiki iliyopita. Kama kocha anaandika kwenye daftari au kwenye simu, atakuwa na jibu, na utaona uzito ukiongezeka kidogo kidogo, kwa mfano kilo 2 au 3 kwa wakati mmoja. Kama hakuna kumbukumbu, kila siku ni ya kubahatisha.

Mwulize pia vyeti vyake vimetolewa na chuo gani, kama bado havijaisha muda, na kama ana mafunzo ya huduma ya kwanza. Ukikuta jibu lake linageuka haraka kuwa mauzo ya unga wa protini au vidonge vya kupunguza uzito, fahamu kwamba umekutana na muuzaji.

Hatari ya siku ya kwanza

Wako makocha wanaoamini kwamba mteja mpya asipoumia hataamini kuwa amefanyishwa kazi. Wanampa mazoezi ya kumchosha kabisa katika kipindi cha kwanza. Kuumwa na misuli kwa siku 2 au 3 baada ya zoezi jipya ni kawaida. Lakini misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi ghafla, inaweza kuvunjika na kumwaga protini zake kwenye damu, na protini hizo huweza kuharibu figo. Dalili ni maumivu makali kuliko kawaida, misuli kuvimba au kukosa nguvu kabisa, na mkojo kubadilika rangi kuwa kama chai ya strungi. Ukiona mkojo wa rangi hiyo baada ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje upite, wala usijitibu kwa dawa za maumivu za dukani.

Kipindi cha kwanza chenye busara humwacha mteja akihisi angeweza kuendelea. Katika kila awamu ya zoezi anaacha akiwa bado anaweza kurudia mara 2 au 3. Kocha akikwambia hivyo ni uvivu, tafuta kocha mwingine.

Soma mkataba kuanzia mwisho

Mikataba ya jimu huandika faida mwanzoni na masharti ya kuondoka mwishoni. Anza kusoma kule mwisho. Tafuta majibu ya maswali haya: Nikitaka kuacha, nitoe notisi ya siku ngapi na kwa njia gani? Mkataba ukiisha unajirudia wenyewe, au unakoma? Nikiumia, nikipata mimba au nikihamishwa, naweza kusimamisha muda wangu au kumpa mtu mwingine? Jimu ikifungwa au ikihama, pesa zangu zinakwenda wapi? Na la muhimu zaidi, pesa za kurudishwa zinahesabiwa vipi?

Swali hilo la mwisho linaweza kubadilisha maelfu ya shilingi. Tuseme mwalimu wetu alilipa 36,000 kwa mwaka, kisha akapewa uhamisho baada ya miezi 4. Mkataba ukisema pesa zitarudishwa kulingana na miezi iliyobaki, kila mwezi ni shilingi 3,000, na miezi 8 iliyobaki ni 24,000. Mkataba mwingine unaweza kusema miezi aliyotumia itahesabiwa kwa bei ya kawaida ya mwezi, na tena kukatwe asilimia 10 ya gharama za ofisi. Hapo miezi 4 kwa 4,000 ni 16,000, inabaki 20,000. Ukitoa asilimia 10 ya 36,000, yaani 3,600, anarudishiwa 16,400. Mkataba wa tatu unasema hakuna kurudishiwa. Mtu yule yule, jimu ile ile, na kiasi anachopata ni 24,000, 16,400 au sufuri kutegemea sentensi moja.

Kwa kocha wa binafsi, masharti huwa mafupi lakini yanauma vile vile. Ukinunua vipindi 12 kwa pamoja, uliza vina muda gani kabla ya kuisha, ukikosa kipindi unahitaji kutoa taarifa saa ngapi mapema, na kocha mwenyewe akikosa au akihamia jimu nyingine nini kitatokea. Kama mmekubaliana kwa mdomo, mwandikie ujumbe wa simu siku hiyo ukirudia mlichokubaliana, naye ajibu. Ujumbe huo ndio mkataba wako.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakwenda mbali zaidi. Ina sehemu inayohusu huduma za kujiendeleza binafsi, na ndani yake zimetajwa huduma za afya na mazoezi ya mwili. Kwa mikataba ya aina hiyo inayolipiwa mapema, mteja anaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 10 bila kutoa sababu. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale anapopokea nakala ya maandishi ya mkataba, au pale huduma zote alizoahidiwa zinapopatikana, kutegemea lipi limechelewa. Kwa hivyo ukiuziwa uanachama wa jimu ambayo bwawa la kuogelea bado linajengwa, na bwawa ni sehemu ya ulichonunua, siku zako 10 hazijaanza.

Hii ndiyo sababu ya kudai nakala ya mkataba siku unayolipa, na kuandika tarehe juu yake. Kibao cha ukutani kinachosema pesa hazirudishwi hakifuti haki iliyowekwa na sheria. Ukiamua kuondoka, andika barua au ujumbe, usiishie kumwambia mhudumu wa mapokezi. Barua fupi inatosha, kwa mfano hivi:

"Mimi ni mwanachama nambari (andika nambari). Nilipokea nakala ya mkataba tarehe (andika tarehe). Kwa barua hii nauvunja mkataba huo kuanzia leo, na naomba kurudishiwa shilingi (andika kiasi) nilizolipa kwa simu, risiti nambari (andika nambari). Tafadhali nithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea."

Hifadhi nakala, ujumbe wa malipo na jibu lao. Siku 10 zikipita, masharti ya mkataba ndiyo yatakayotumika kwa kawaida, na ndiyo maana tumesisitiza kuyasoma kabla.

Jimu ikikataa kulipa kinachokustahili, mwandikie meneja kwanza ukimpa siku maalumu za kujibu. Asipojibu, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia inashughulikia maslahi ya watumiaji, au kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo mahali ilipofunguliwa. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria yake inataka kesi ziamuliwe ndani ya siku 60 tangu zifunguliwe. Kwa dai la shilingi 20,000, hapo ndipo mahali pake.

Uamuzi wa mwalimu

Turudi kwenye jimu zetu mbili. Ya kwanza ina mashine nyingi na ukumbi mkubwa, lakini saa 12 jioni mwalimu anapoteza dakika 24, kamba za usalama hazipo, na mkataba wa mwaka hauna neno lolote kuhusu uhamisho. Meneja alimwambia, "Ofa inaisha leo, mwalimu. Kesho ni 48,000." Mwalimu akaomba nakala ya mkataba aende nayo nyumbani akaisome. Akaambiwa nakala hutolewa baada ya malipo.

Ya pili ni ndogo, lakini kocha aliwauliza wateja wapya maswali ya afya, mashine mbovu ilitengenezwa ndani ya siku 2, na anaweza kuacha mwisho wa mwezi wowote bila kudai wala kudaiwa. Kwa mtu wa saa 12 jioni mwenye uwezekano wa uhamisho, jimu ya pili kwa shilingi 4,500 kwa mwezi ndiyo inayofaa. Jirani yake anayefanya kazi zamu ya usiku, ambaye angekwenda saa 4 asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, anaweza kufikia uamuzi tofauti kuhusu msongamano. Hata hivyo, yeye pia angepaswa kuuliza zile kamba za usalama zitarudishwa lini.

Ukiulizwa na wenzako kuhusu jimu fulani, waeleze ulichokiona, siku na saa uliyokiona. Kusema "Jumatatu saa 12:15 jioni nilisubiri dakika 9 kwenye fremu" kunamsaidia msikilizaji kuamua, na ni haki kwa mwenye jimu. Kusema "wale ni wezi" hakumsaidii yeyote, na kunaweza kukuletea kesi wewe. Ukirudi baada ya miezi 3 ukakuta mambo yamebadilika, waeleze hilo pia.